Monita za masikioni au spika za sakafuni?

"Wakuu, bendi yetu ya rock hapa Mtwara, mwimbaji haisikii sauti yake. Tukiongeza monita, maiki inalia. Tununue za masikioni?"

Mkuu, kabla ya kununua, angalieni aina ya maiki. Maiki ya kadioidi haisikii vizuri kwa nyuma yake kabisa, kwa hiyo spika ya sakafuni ikae huko, ikimwelekea mwimbaji. Ila ya superkadioidi husikia kidogo kwa nyuma. Sehemu zake bubu ni pembeni, kama digrii 125 kutoka mbele. Mkiweka spika nyuma yake moja kwa moja, italia mapema. Na mwimbaji asikumbatie kichwa cha maiki kwa kiganja, maana maiki hiyo huanza kuokota sauti kutoka kila upande.

Halafu fanyeni jaribio: zimeni spika za ukumbini, bendi ipige, fundi mitambo asimame katikati ya ukumbi. Gitaa likisikika kubwa tayari, kulishusha kwenye mikisa hakusaidii kitu, sauti inatoka kwenye ampu yenyewe. Mara nyingi ampu iko sakafuni inapiga magotini kwa mpiga gitaa, naye anaongeza. Iinueni juu ya kiti, ielekezeni kwenye masikio yake, atapunguza mwenyewe.

Dramu bado zikimfunika mwimbaji, hapo za masikioni zina maana, anzieni kwake. Zizibe vizuri, ziwe na kidhibiti cha kilele cha sauti, na avae zote mbili. Akitoa moja ataongeza ile iliyobaki hadi iumize sikio.