Malipo matano yamefeli, nirudie faili?

"Nimelipa wavuvi na kurudishia wageni nauli kwa faili moja la malipo ya simu la watu 46. Matano yamefeli. Nipakie upya?"

Pakia hayo matano tu, ndugu yangu. Kwanza pakua ripoti ya matokeo, uangalie hali ya kila mstari. Uliofeli, fedha zake hazijatoka. Ule ambao bado unasubiri usiuguse, maana unaweza kupita baada ya wewe kuulipa tena.

Hapa Shela, kusi lilitufutia safari ya mashua. Faili la wageni 14, matano yakafeli, mwenzangu akalipakia zima upya. Mimi muidhinishaji niliangalia jumla, nikaona ni ileile, nikabonyeza. Wageni 9 wakapata 3,500 mara mbili, yaani 31,500 nje, na kuzidai kwa simu ni aibu tupu.

Siku hizi kila urejeshaji wa nauli una namba yake, kama RUD-0214, na muidhinishaji huitafuta kwenye ripoti za nyuma kabla ya kukubali. Aliyetayarisha faili haidhinishi, hata bosi akiwa Malindi.

Hayo matano yako, nashuku namba za simu. Eksel hula sifuri ya mwanzo. Ziandike zianze na 254.