Hati ya mailo na makao ya chifu

"Babu wa babu yangu alikuwa Pokino, yaani chifu wa saza ya Buddu huko Buganda, Uganda. Nikipata hati ya ardhi si nitajua alikoishi?"

— Utajua alichomiliki, ndugu. Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza ulimpa kila chifu wa saza, yaani wilaya, maili nane za mraba za kwake na nane nyingine za cheo; ndiyo ardhi ya mailo. Za cheo hazikurithiwa na wanawe, zilimngoja Pokino mwingine. Kwa hiyo tazama kwanza kama kumeandikwa jina la mtu au cheo tupu. "Pokino" wa 1905 na wa 1925 wanaweza kuwa watu wawili. Kisha fuata uhamisho: kipande kilichopita kwa mrithi wake au alichouza mwenyewe ndicho chake binafsi. Na usishangae vipande vikiwa mbalimbali, hata nje ya Buddu.

— Mbona mnajisumbua? Daftari la kodi linatosha. Jina likiwa kijijini, aliishi hapo.

— Kwa mkulima, karibu kweli. Kodi ya nyumba ya rupia tatu ilikusanywa kupitia machifu, kwa hiyo jina la chifu juu ya ukurasa laonyesha eneo alilosimamia tu. Likiwa kwenye mstari wa walipaji, hapo tuzungumze.

— Wangu alikuwa na duka Mbarara, sioni mailo yake popote.

— Mzee, hiyo ni Ankole, nje ya Buganda. Ploti ya duka mjini tafuta kwenye lisi za Serikali, yaani mikataba ya kukodisha ardhi yake. Alilala dukani au kwingine, lisi haisemi.