Iacheni y Pale Ilipo

Juzi baada ya sala ya Isha, hapa Wete, nilikagua madaftari ya wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, nikakuta watatu wamelitenda kosa lile lile nililolitenda mimi. Swali lilikuwa hili, pamoja na sharti kwamba y = 1 pale x = 1:

```
dy/dx = 3x^2 / (5y^4 + 1)
```

1. Tenganisheni y na x, muintegreti pande zote mbili, na C iandikeni papo hapo. Mtapata y^5 + y = x^3 + C, na sharti linatoa C = 1. Jibu limekamilika hapo.

2. Msiilazimishe y isimame peke yake. Mimi katika mtihani niliona aibu kukabidhi jibu ambalo y yake imo ndani ya mlinganyo, kwa kuwa tangu skuli nilizoea kwamba jibu lazima lianze na "y =". Basi nikaandika y(y^4 + 1) = x^3 + 1, kisha nikajiambia kwamba y ni sawa na x^3 + 1, kana kwamba hoja inayofaa pale tu upande wa pili ulipo sifuri inafaa popote. Nikapigia mstari chini yake mara mbili. Sharti nililopewa lilikuwa mbele ya macho yangu: x ikiwa 1, jibu langu linatoa y = 2, ilhali swali linasema 1. Sikutazama, na alama zote za sehemu ile zikapotea, ingawa mstari wa juu yake ulikuwa sahihi kabisa. Hadi leo nikiliona kosa hilo kwenye daftari la mtu moyo huniuma. Tangu mwaka 1824 mwanahisabati Abel alithibitisha kuwa milinganyo ya daraja la tano haina fomula ya jumla ya vipeuo, na huu wetu ni miongoni mwa isiyofunguka kwa vipeuo. Hata hivyo y ipo: y^5 + y hupanda daima, kwa hiyo kila x ina y moja tu; x ikiwa 0, y ni takriban 0.755.

3. Lihakikini jibu bila kuifungua y. Tofautisheni pande zote kwa x, mkikumbuka kwamba y inategemea x, hivyo kila kipande chenye y huzaa dy/dx:

```
5y^4 (dy/dx) + dy/dx = 3x^2
```

Toeni dy/dx nje ya mabano, mgawanye, na swali la mwanzo litarudi kama lilivyokuwa. Mwenzenu mmoja aliisahau dy/dx, akabaki na 5y^4 + 1 = 3x^2, akadhani jibu lake zuri ni bovu, akalifuta.

4. Uhakiki huu hauioni C, kwa sababu hufutika mnapotofautisha; hata C = 7 ingepita. Kwa hiyo rudisheni x = 1 na y = 1 kwenye uhusiano wenyewe: 1 + 1 = 1 + 1.