Usahihi wa asilimia 99.8, na tapeli hajanaswa hata mmoja

Nikiletewa modeli ya kunasa utapeli na kuambiwa usahihi wake ni asilimia 99.8, huwa nauliza: je, programu isiyofanya kazi yoyote ingepata ngapi?

Chukua data ambayo wengi wanaojifunza fani hii huanza nayo: miamala ya kadi za benki za Ulaya ya Septemba 2013, iliyotolewa na watafiti wa Université Libre de Bruxelles. Ni miamala 284,807 ya siku mbili, na ya utapeli ni 492 tu. Andika programu inayojibu "halali" kwa kila muamala bila hata kuutazama, utapata usahihi wa asilimia 99.83. Ni sawa na mlinzi anayelala kila usiku na asubuhi kuripoti kwamba palikuwa shwari: siku nyingi atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo kabla hujasifu modeli yako, ipime kwanza hiyo ya bure:

```python
from sklearn.dummy import DummyClassifier
from sklearn.metrics import confusion_matrix

boya = DummyClassifier(strategy="most_frequent")
boya.fit(X_train, y_train)
print(boya.score(X_test, y_test))
print(confusion_matrix(y_test, modeli.predict(X_test)))
```

Mstari wa mwisho ndio ninaouangalia zaidi. Unatoa jedwali la visanduku vinne. Safu ya chini ni utapeli halisi: kushoto uliokuponyoka, kulia ulionaswa. Kisanduku cha juu kulia ni kengele za uongo, yaani wateja wema walioshukiwa bure.

Tuseme umetenga asilimia 20 ya data kwa majaribio ukitumia `stratify=y` ili uwiano wa utapeli ubaki uleule. Utabaki na miamala 56,962, ya utapeli ikiwa 98. Modeli yako inanasa 78 na kupiga kengele 12 za uongo. Usahihi ni asilimia 99.94. Sasa teremsha kizingiti, yaani uwezekano ambao ukivukwa muamala huitwa utapeli, kwa sababu `predict` kwa kawaida huamua kwenye 0.5 bila kukuuliza. Tumia `predict_proba`, inayotoa uwezekano wenyewe, uchague mwenyewe. Modeli ileile sasa inanasa 88, lakini kengele za uongo zimefika 900. Usahihi umeshuka hadi asilimia 98.4, chini kabisa ya ile programu isiyofanya lolote, ilhali umezuia utapeli 10 zaidi.

Ipi bora? Usahihi hauwezi kukujibu, maana kwake kosa ni kosa tu, liwe la kumwachia mwizi au la kumpigia simu mteja mwema. Hesabu ya fedha ndiyo itakayojibu. Ili kunasa utapeli 10 wa ziada umelipia kengele 888, karibu 89 kwa kila mmoja. Katika data hii wastani wa muamala wa utapeli ni kama euro 122, kwa hiyo kuteremsha kizingiti kunalipa tu ikiwa kukagua kengele moja kunagharimu chini ya euro 1.37 hivi. Na hapo nimekuwa mkarimu: nusu ya miamala ya utapeli haifiki hata euro 10, wastani umevutwa juu na michache mikubwa. Kama ukaguzi ni ujumbe wa simu unaojituma wenyewe, endelea. Kama ni mtu kwenye dawati la huduma, rudisha kizingiti juu.

Kuna ujanja mmoja ninaoukuta mara kwa mara na unaoniudhi kidogo. Mtu anasikia kwamba data haina uwiano, anaisawazisha yote nusu kwa nusu, kisha anajaribu modeli kwenye hiyohiyo iliyosawazishwa. Kwenye utapeli 98 na miamala halali 98 ananasa 90 na kukosea halali 4. Anaandika kwamba kengele zake 96 kati ya 100 ni za kweli. Peleka kiwango hichohicho cha makosa kwenye miamala halali 56,864: kengele za uongo zinakuwa zaidi ya 2,300, na za kweli ni 90. Chini ya 4 kati ya 100. Sawazisha data ya mafunzo ukipenda; ya majaribio iache kama ilivyo.

Na hata ukipima vizuri, kumbuka una kesi 98 tu. Kila moja inabeba karibu asilimia moja ya `recall`, yaani sehemu ya utapeli wote iliyonaswa, kwa hiyo modeli iliyonasa 80 haijaishinda ile ya 78. Ukigawa data upya kwa `random_state` nyingine, huenda zikabadilishana nafasi. Mimi hupendelea kufuata safuwima ya `Time`, yaani muda wa muamala: funza kwa siku ya kwanza, jaribu kwa ya pili. Matokeo mara nyingi hushuka kidogo, lakini benki nayo haina muamala wa kesho wa kufundishia modeli ya leo.