Chenji Huhesabiwa kwa Kupanda

Juma hili msomaji mmoja aliyeanza kazi ya ukeshia hivi karibuni ameniandikia: “Dada, nikiwa na mteja mmoja namrudishia chenji bila shida, lakini foleni ikirefuka natafuta karatasi ya kutolea hesabu, na karatasi yenyewe siioni.” Ninamwelewa vizuri, kwa kuwa nimesimama kaunta miaka mingi, na katika miaka hiyo nimekutana na watu wengi wanaodhani kwamba anayehesabu chenji kwa mdomo hakusoma hesabu. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mmoja wao. Aliniambia mbele ya wateja kwamba ninazinong’oneza fedha kama mganga, na kauli hiyo haijanitoka moyoni, ingawa jioni droo yangu ilipofungwa fedha zililingana na mauzo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizihesabu.

Nilichokuwa nikifanya ni hiki. Chenji ni kiasi kinachopungua ili bei ifikie fedha aliyotoa mteja, kwa hiyo sina haja ya kutoa bei kutoka kwenye noti. Ninaanzia kwenye bei na kupanda hadi niifikie noti. Chukua bei ya 637 na mteja aliyetoa noti ya 1,000. Ukiiandika hesabu hiyo kama tulivyofundishwa, unataka kutoa 7 kwenye 0 haitoshi, unakwenda kukopa kwa jirani ambaye naye ni 0, unakwenda kwa jirani wa pili ambaye pia ni 0, na kabla hujafika kwenye ile 1 ya mwanzo mteja ameshaanza kutazama saa.

Sasa panda. Sema “637” kwa sauti, kisha weka sarafu za 1 moja moja: 638, 639, 640. Weka ya 10: 650. Weka ya 50: 700. Malizia na mia tatu: 800, 900, 1,000. Umefika kwenye fedha ya mteja, na mkono unasimama hapo. Ukizihesabu zilizoko mezani utakuta 363, lakini angalia kwamba hakuna mahali ulipolazimika kuijua 363 ili uirudishe. Jibu limejijenga lenyewe mezani, na mteja amelisikia likijengwa, hivyo hana haja ya kusimama mlangoni akihesabu upya.

Sarafu ndogo zitangulie kubwa. Ukianza na zile mia tatu utasema 737, 837, 937, na hapo unabaki umebeba ile 37 kichwani mpaka mwisho, wakati ukianza na ndogo unafika mapema kwenye namba zenye sifuri, na kuanzia hapo hesabu inakuwa nyepesi. Siku ambayo droo haina sarafu za 10 wala za 50, njia haibadiliki: kutoka 640 unaweka za 20 na kusema 660, 680, 700. Kila unachokiweka mezani kina namba yake ya kutamkwa. Namba ikitamkwa bila sarafu, au sarafu ikiwekwa bila namba, simama na uanze tena kutoka kwenye bei, maana hapo ndipo chenji inapoharibika.

Kuna kosa moja ambalo nimewaona nalo karibu wote niliowafundisha, nalo huwapata hasa wale wenye haraka ya kuonekana mahiri. Wanaitazama 637, wanaikamilisha kila tarakimu peke yake hadi 10, yaani 7 inataka 3, 3 inataka 7, 6 inataka 4, kisha wanarudisha 473. Wamezidisha 110. Sababu ni kwamba ukishaijaza ile 7 kwa 3, bei imekuwa 640, na makumi si 3 tena bali ni 4, kwa hiyo yanataka 6 tu. Na yakijazwa, mamia nayo yamepanda kutoka 6 hadi 7, yanataka 3. Kwa maneno mengine, mamoja hukamilishwa hadi 10, lakini makumi na mamia hukamilishwa hadi 9. Kwa hiyo ukipungukiwa na fedha jioni, na upungufu wenyewe ukawa 10, 100 au 110, anza kushuku kosa hili kabla hujamshuku mwenzako. Anayetamka namba halipati, kwa kuwa akishasema “640” hawezi tena kuwaza kwamba makumi ni 3.

Niingie sasa kwenye jambo linalowatoa jasho wageni wa kaunta kuliko yote. Mteja amekupa noti ya 1,000, kisha anasema, “Ngoja, nina 40.” Wengi hushtuka, lakini mtu huyo anakusaidia. Kituo chako cha kufikia kimehama tu kutoka 1,000 hadi 1,040: 638, 639, 640, halafu 740, 840, 940, 1,040. Chenji ni 403, na hukugusa sarafu yoyote ya 10 wala ya 50. Akiitoa hiyo 40 wakati umeshamwekea mezani 363, usivuruge ulichokihesabu. Ile 60 iliyomo kwenye chenji, ukiichanganya na 40 yake, inakuwa 100. Zivute zote kwako, umwekee mia moja mahali pake, na mezani patabaki sarafu tatu za 1 pamoja na mia nne. Lakini akitaka wakati huohuo umvunjie na noti nyingine, mkatalie kwa heshima hadi chenji ya kwanza iwe mkononi mwake, kwa sababu wapo wanaochanganya hesabu mbili kwa makusudi, na keshia anayeona haya kusema “subiri” ndiye anayelipa pengo.

Kupanda si dawa ya kila bei. Bei ikiwa imeipita kidogo namba ya mviringo, kwa mfano 603, kupanda kunakupa 7, kisha 90, kisha 300, wakati ukishuka unaona mara moja kwamba 1,000 ukitoa 600 ni 400, na ukipunguza 3 ni 397. Mimi kwa bei za namna hiyo huijua 397 kwanza kwa kushuka, halafu naihesabu mezani kwa kupanda, nami napata uhakiki bila kuongeza muda. Hata hivyo, uhakiki huo unahusu njia tu, si mwanzo wala mwisho wake. Ukianza na bei uliyoisoma vibaya, au ukidhani noti ya 500 ni ya 1,000, utapanda vizuri kabisa na kufika pasipo. Ndiyo maana noti ya mteja haiingii kwenye droo kabla chenji haijapokelewa: iache juu ya kaunta, upande wako, mnapoiona nyote wawili, na useme kiasi chake kwa sauti kabla hujaitaja bei.