Hoja ya Anselmi inakwama wapi?

"Wakuu, mwalimu wa falsafa kasema Mungu anathibitika kwa kuwaza tu. Nahisi kuna kiinimacho ila sikioni. Kiko wapi?"

Mkuu, ifuate polepole. Anselmi, mmonaki wa Bec kule Normandi, aliiandika mnamo 1078. Anaanza na maana: Mungu ni kile ambacho hakuna kikubwa zaidi yake kinachoweza kufikiriwa. Hata asiyeamini anaielewa kauli hiyo, kwa hiyo kitu hicho kimo akilini mwake. Lakini kilichopo kweli ni kikubwa kuliko kilichomo akilini tu. Kama kingekuwa akilini tu, tungeweza kukifikiria kikubwa zaidi, yaani tungekizidi kisichozidika. Huko ni kujipinga, basi lazima kipo.

Gaunilo, mmonaki pia, alijibu mapema: fikiria kisiwa bora kisichozidika. Kwa hoja hiyohiyo nacho lazima kiwepo baharini! Watetezi husema kisiwa hakina kikomo cha ubora, ukiongeza mnazi mmoja tu kimezidi. Mimi naona Gaunilo anaonyesha kuna kosa, ila hasemi liko hatua gani.

Anayeligusa ni mwanafalsafa Mjerumani Kant, 1781. Anasema kuwepo si sifa inayoongeza kitu katika dhana. Hesabu thaler mia, sarafu za enzi zake, kichwani: ni mia kamili, sawasawa na mia zilizo mfukoni. Mfuko ndio unaotofautiana, dhana ni ileile. Basi ile "kilichopo kweli ni kikubwa" ndiyo kiinimacho chako.

Ukibanwa kwamba kuwepo kwa lazima, yaani kutoweza kutokuwepo, ni sifa, muulize mwalimu kwanza athibitishe kwamba kitu cha namna hiyo kinawezekana.