Usimeze viwili! Ukiwa kwenye rifampisini, damu kukata si dalili kwamba uko salama

*"Habari za humu ndani. Nimeanza dawa za TB mwezi huu, na tangu wiki iliyopita natokwa damu matone matone wakati niko katikati ya paketi ya vidonge vya uzazi wa mpango na sijaruka hata siku moja. Muuza dawa kasema nimeze viwili kwa siku, itakata. Ni sawa? Na antibayotiki za kawaida zinafanya hivi pia? Mdogo wangu anatumia dawa za kifafa na yeye yuko kwenye vidonge."*

Usimeze viwili. Rudisha hicho cha pili kwenye paketi kwanza, ndipo tuongee.

Huyo muuza dawa wako nahisi alikaa dawati moja na wa kwangu, maana maneno ni yale yale: "Dozi imezidiwa, ongeza kimoja, damu itakata." Na inaweza kukata kweli. Kwangu ilikata, na hapo ndipo nilipopigwa.

Nilikuwa natumia vidonge vya kawaida vya homoni mbili, paketi ile ya 28: vyeupe 21 vyenye homoni na vya kahawia 7 vya madini ya chuma. Zaidi ya mwaka hedhi ilikuwa inakuja kwenye vile vya kahawia, hainisumbui wala siisumbui. Nikaanza dawa za TB. Haukupita muda, nikiwa katikati ya vyeupe, nikaanza kuona madoa kwenye nguo ya ndani, leo ya hudhurungi, kesho mekundu kabisa, halafu siku mbili kimya. Nikaenda dukani, nikapewa huo ushauri wa viwili viwili pamoja na tabasamu la bure. Siku chache tu damu ikakata. Mimi na baba watoto (wakati huo alikuwa bado hajawa baba wa mtu) tukaamini kila kitu kimekaa sawa, kondomu zikarudi kabatini.

Paketi iliyofuata, nikafika kwenye vya kahawia, kavu. Nikasema mwili umetulia. Kichefuchefu asubuhi? Nilikuwa nameza dawa za TB kabla ya kula, na dawa zile zinachafua tumbo la mtu yeyote, kwa hiyo nikazisingizia. Uchovu nao nikausingizia ugonjwa. Ukiwa kwenye matibabu ya TB kila dalili ya mimba ina mtu mwingine wa kulaumiwa, ndiyo maana watu wengi tunachelewa kushtuka. Muuguzi aliyekuwa akinipima uzito kliniki ndiye aliyeuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini. Nikapewa kikopo, mkojo wangu wa rangi ya chungwa ukaingia humo, mistari miwili ikatoka.

Sasa nikueleze kwa nini viwili havisaidii, maana mimi hakuna aliyenieleza. Kwenye dawa zako za TB kuna moja inaitwa rifampisini. Angalia paketi au kadi yako utaona herufi RHZE; hiyo R ndiyo yenyewe, na ndiyo hiyo hiyo inayogeuza mkojo, hata machozi, kuwa rangi ya chungwa. Rifampisini inaliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa, na homoni za vidonge, estrojeni na projestini zote mbili, zinavunjwa na vimeng'enya hivyo hivyo. Ni kama kiwanda kilichoajiri vibarua wapya kwa mkupuo: ukileta mzigo mara mbili, vibarua wapo, wataubeba. Kazi hiyo inaanza ndani ya siku chache na baada ya wiki moja au mbili hivi imepamba moto. Ndiyo maana matone yako yametokea sasa na si siku ile ya kwanza.

Damu yenyewe inatoka kwa sababu ukuta wa ndani wa kizazi unashikiliwa na homoni unayomeza kila siku. Kiwango kikishuka, ukuta unabanduka vipande vipande kabla ya wakati wake. Ukimeza viwili unaweza kupandisha kiwango kidogo, ukuta ukashika, damu ikakata. Lakini kuzuia yai lisitoke ni kazi nyingine, na inataka homoni ikae juu mfululizo. Unaweza kabisa kuwa mkavu huku yai linatoka. Kuna wanawake wako kwenye rifampisini na hawajawahi kuona hata tone, na kinga hawana. Kwa hiyo damu ikionekana ichukulie kama onyo, lakini isipoonekana usiichukulie kama kibali. Mimi niliichukulia kama kibali, na kibali hicho sasa kina meno na kinanivunjia vikombe.

Kinachoniuma zaidi ni hawa watu wawili ambao hawakuuliza swali moja kila mmoja. Aliyenianzishia dawa za TB aliniuliza kuhusu kikohozi, jasho la usiku, nani naishi naye nyumbani, pombe, sukari, hakuuliza natumia njia gani ya uzazi. Aliyekuwa ananipa paketi za vidonge alinipima presha kila mara kama nakwenda mwezini, hakuuliza kama kuna dawa nyingine nimeanza. Na yule wa dukani, ambaye nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba niko kwenye TB, akaona suluhisho ni kuniuzia paketi ya pili. Biashara nzuri, vidonge vinaisha mara mbili haraka.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka unichoke: ikiwa dawa ina rifa ndani ya jina lake, vidonge vya uzazi havihesabiki, kuanzia siku unayoianza mpaka wiki nne baada ya kidonge chake cha mwisho. Rifampisini, rifapentini, rifabutini, zote. Rifapentini nitaje makusudi kwa sababu wanapewa hata watu ambao hawaumwi, kama kinga kwa wanaoishi na mgonjwa wa TB, mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, na mtu akisikia "mara moja kwa wiki" anaona ni kitu kidogo.

Zile wiki nne za mwisho ndizo watu wanazipuuza. Matibabu ya kawaida ya TB ni miezi 6: miwili ya RHZE, kisha minne ya RH. Wengine wakiona vidonge vimepungua baada ya ile miwili wanadhani dawa kali imekwisha. R ipo mpaka siku ya mwisho. Na ukimaliza, wale vibarua hawaondoki siku hiyo. Ini linahitaji wiki kadhaa kurudi kwenye hali yake. Kwa hiyo hesabu siku 28 tangu kidonge cha mwisho cha TB, ndipo uanze kuviamini tena vidonge vyako.

Na tafadhali sana, usije ukasoma haya ukaacha dawa za TB ili vidonge vifanye kazi. Kinachobadilishwa ni njia ya uzazi. Hata mimi nilipokutwa na mimba niliendelea na dawa zile zile mpaka mwisho, chini ya uangalizi, na zinatumika kwa wajawazito.

Kubadilisha, sasa. Sindano ya miezi mitatu inafaa, rifampisini haiangushi. Ukichomwa nje ya siku za mwanzo za hedhi, tumia kondomu siku saba za kwanza. Na kwa haya matone yako usiyahesabu kama hedhi, mwambie mtoa huduma ukweli, atakupima mimba kwanza. Lupu ya shaba haina homoni kabisa, kwa hiyo ini halina cha kuvunja. Ile ya homoni nayo inafaa kwa sababu inafanya kazi palepale ndani ya kizazi. Ila kama TB yako ni ya kizazi au nyonga na si ya mapafu, lupu haiwekwi. Kijiti cha mkononi usikimbilie, watu wanadhani kwa kuwa kiko chini ya ngozi kimelikwepa ini. Homoni yake inapita kwenye damu na ini linaikamata vile vile. Mpaka upate moja ya hizo, kondomu kila mara. Vidonge unaweza kuendelea navyo kimoja kimoja kama kawaida, ila usivitegemee.

Antibayotiki za kawaida: amoksilini, doksisaiklini, metronidazo, siprofloksasini na ndugu zao hazifanyi hivi. Watu wametishwa bure miaka na miaka. Tatizo lao ni pale zinapokutapisha ndani ya saa tatu baada ya kumeza kidonge, au kukuharisha vibaya. Hapo kidonge hakikuingia mwilini na unahesabu kama umekiruka.

Mdogo wako: kabamazepini, fenitoini na fenobabito zinafanya kama rifampisini, tofauti yake ni kwamba yeye anazimeza miaka, kwa hiyo asisubiri ziishe, ahamie njia nyingine. Kama anatumia lamotrijini, mambo yanageuka: vidonge vyenye estrojeni ndivyo vinavyoishusha lamotrijini, na anaweza kurudiwa na degedege. Asianze wala asiache vidonge bila daktari wake wa kifafa kujua.

Narudi kwako, maana hili ndilo la haraka. Umesema matone ni tangu wiki iliyopita, kwa hiyo kinga ilikuwa imeanza kuyumba. Kama mmekutana bila kondomu ndani ya siku tano zilizopita, nenda kliniki kesho asubuhi uwaambie maneno haya: "Niko kwenye rifampisini, nataka kinga ya dharura." Chaguo la kwanza ni lupu ya shaba, inafanya kazi mpaka siku ya tano na unabaki nayo. Kama haiwezekani kuwekwa, kile kidonge cha dharura cha levonojestreli nacho kinavunjwa na ini, kwa hiyo kwa mtu wa rifampisini wanatoa dozi mara mbili, miligramu 3 badala ya 1.5. Hapa tu ndipo "viwili" vina maana, na hata hapo si kinga ya kuiamini kama lupu. Usikinunue na kumeza kimoja halafu ukalala usingizi.

Kama siku tano zimepita, pima mkojo wiki tatu baada ya mara ya mwisho mlipokutana bila kondomu, hata kama umeona damu, hata kama kichefuchefu unadhani ni cha dawa. Na kama damu inatoka zaidi baada ya kukutana, au ina harufu, au tumbo la chini linauma, usiitupie rifampisini lawama zote, ukachunguzwe.